Kufuga minyoo ndani ya bidoni: mwongozo kwa sisi wa nyumba ndogo za Bukavu

Kila mgeni anayeingia jikoni kwangu na kuona bidoni ya njano imelala pale chini ya meza huuliza maswali matatu, karibu kwa mpangilio uleule. Hiyo minyoo si ile ya tumbo? Usiku haitoki ikapanda kitandani? Na mbona hainuki? Nimechoka kujibu nikiwa nimesimama na mwiko mkononi, kwa hiyo naandika mara moja.

Si ya tumbo. Ni nyungunyungu, minyoo ya kwenye samadi na majani yaliyooza, na haiwezi kuishi ndani ya mtu. Kutoka haitoki, maana mwanga unaiua na sakafu kavu inaiua zaidi. Ukiona imetoka, ujue ndani kumekuwa kubaya kuliko nje. Swali la harufu ndilo lenye jibu refu, na jibu lake ni maji. Mwenyewe niliharibu bidoni ya kwanza kabla sijaelewa maji yale yalikuwa yanatoka wapi.

Kabla ya kuanza, tafuta vitu hivi:

- Bidoni ya plastiki ya lita 20, ile ya mawese, iliyooshwa kwa sabuni na maji ya moto mpaka mafuta yaishe. Hakikisha haijawahi kubeba mazuti wala dawa ya shamba.
- Katoni za kawaida za rangi ya kahawia, nyingi kuliko unavyodhani. Trei za mayai zinafaa pia. Zenye kung'aa au zenye nailoni juu ziache.
- Kipande cha chandarua kikuukuu na uzi wa kukifunga.
- Vipande viwili vya ubao, na sinia au besani pana ya kukaa chini.
- Msumari wa inchi nne, koleo na mbabula yenye moto.
- Konzi moja ya udongo wa kawaida.
- Minyoo yenyewe, robo kilo. Hiyo ni sawa na kopo la nusu lita lililojaa minyoo pamoja na samadi kidogo iliyokuja nayo.

Kwa nini bidoni na si ndoo? Minyoo hii hukaa karibu na juu, haichimbi kwenda chini sana. Ndoo ina kina kirefu na uso mdogo, kwa hiyo chini panabanana na hewa haifiki. Bidoni ikilazwa ubavu inakupa kina cha sentimita 25 hivi na uso mpana. Isitoshe, kila nyumba ya mji huu ina bidoni moja iliyotoboka ambayo mtu hataki kuitupa.

1. Kata na toboa. Laza bidoni. Kwenye ubavu wa juu kata pande tatu kwa kisu chenye makali, upande wa nne uuache ukunjike kama mlango. Pasha msumari kwenye mbabula, ushike kwa koleo, utoboe matundu kumi hadi kumi na mawili kwenye ubavu wa chini. Kisha toboa mengine ishirini madogo juu, kuzunguka pande zote, chini kidogo ya mlango. Kazi hii ifanyie nje, moshi wa plastiki si wa kuvuta jikoni. Matundu ya juu yafunike kwa chandarua ili nzi wasiingie.

2. Inua. Weka vile vipande viwili vya ubao juu ya sinia, na bidoni juu ya ubao. Watu wanaruka hatua hii kwa sababu inaonekana ni urembo. Bidoni yangu ya kwanza niliiweka moja kwa moja juu ya sakafu, matundu ya chini yakaziba kabisa, na maji yakabaki ndani kama kwenye sufuria. Kati ya bidoni na sinia pabaki nafasi ya vidole viwili.

3. Andaa tandiko. Rarua katoni vipande vyembamba vya upana wa kidole. Zikiwa bado kavu, zitoshe kujaza bidoni mara mbili, maana zikilowa zinashuka karibu nusu. Zilowanishe kwenye besani kwa saa moja, kisha zikamue konzi kwa konzi. Hapa ndipo kipimo cha kazi yote kilipo, kwa hiyo soma polepole: ukibana konzi ya katoni kwa nguvu, yatoke matone mawili au moja tu. Ikitiririka, kamua tena. Isipotoa hata tone, ongeza maji kidogo. Kipimo hiki utakirudia kila wiki, mpaka mkono uzoee. Changanya na ile konzi ya udongo, kwa sababu mnyoo hauna meno na unahitaji mchanga tumboni wa kusagia. Jaza bidoni mpaka theluthi mbili, bila kushindilia.

4. Tafuta minyoo iliyo sahihi. Hapa wengi hukosea mapema sana. Wanachimba udongo nyuma ya nyumba, wanapata minyoo mikubwa ya kijivu, wanaiweka ndani, na baada ya wiki imekufa yote. Ile ni ya udongo, inataka kuchimba chini na haipendi chakula kingi kinachooza. Unayoitaka inaishi kwenye lundo la samadi ya ng'ombe iliyokaa, au chini ya migomba iliyoangushwa ikaoza. Ni myekundu inayoelekea zambarau, myembamba, urefu wa kidole, na ukiifunua inakimbia kwa haraka ya kushangaza. Mara nyingi mkia una michirizi ya njano. Mimi niliipata upande wa Kabare kwa mzee mwenye ng'ombe watatu. Alicheka, kisha akanionyesha mahali pa kuchimba: pembeni mwa lundo, pale samadi imeshapoa na kuwa nyeusi. Katikati ni moto, haikai.

Muulize mwenye ng'ombe kama wamepewa dawa ya minyoo siku za karibuni. Dawa hiyo hutoka na kinyesi, na baadhi yake huua minyoo yako vilevile. Kama jibu ni ndiyo, nenda lundo lingine.

5. Ingiza minyoo na uache taa. Imwage juu ya tandiko, usiifukie, itashuka yenyewe. Usiku wa kwanza na wa pili ndio usiku wa kutangatanga. Acha mlango wa bidoni wazi na taa ikiwaka juu yake, mwanga utaizuia kupanda. Umeme ukikatika, weka taa ya sola. Siku tatu za kwanza usiipe chakula chochote.

6. Anza kulisha, kidogo. Robo kilo ya minyoo, mwezi wa kwanza, ipe gramu 200 kila siku ya nne. Kama huna mizani, hayo ni maganda manne hivi ya ndizi mbivu. Yakate vipande vidogo. Fungua shimo kwenye kona moja, weka chakula, funika kwa tandiko unene wa vidole vitatu. Mara nyingine tumia kona inayofuata, uzunguke hivyo. Kabla ya kulisha, chungulia kona ya zamani. Kama chakula bado kinatambulika, usiongeze, hata kama siku imefika. Baada ya miezi miwili au mitatu minyoo ikiwa imeongezeka unaweza kufika gramu 200 kila siku ya pili.

Hapa niseme ukweli ambao wauzaji wa vitu hivi hawasemi: bidoni moja haitamaliza taka za jiko lako. Nyumba inayopika mihogo na ndizi za kupika kila siku inatoa zaidi ya kilo ya maganda. Bidoni itachukua sehemu ndogo tu. Kama una simbilisi au jirani ana mbuzi, maganda mengi yaende huko, na minyoo ibaki na makapi ya kahawa, majani ya chai, majani ya kabeji, mabua laini ya lengalenga, maganda ya viazi, ya parachichi na ya ndizi.

Maganda ya mihogo mabichi yana sumu, yaanike juani mpaka yakauke kwanza. Vijiti vigumu vya sombe vitakaa miezi bila kuliwa. Bugali lililobaki, vichwa vya sambaza, nyama, kitu chochote chenye mawese au chumvi, pilipili, maganda ya malimau na machungwa: hivi visiingie kabisa, angalau mwaka wa kwanza.

7. Kila chakula kiende na katoni kavu. Hii ndiyo hatua iliyonigharimu bidoni nzima.

Nilianza mwezi wa Novemba, mvua zikinyesha karibu kila alasiri, na nikawa nalinda bidoni isiingiwe na maji kama mtu anayelinda saruji. Sikuwahi kumwagilia hata kikombe. Siku ya kumi na moja nilifungua mlango, ikanipiga harufu ya mayai yaliyooza, na minyoo imejipanga juu kabisa kwenye plastiki, inatafuta pa kutokea. Nilipoinamisha bidoni, kilitoka kikombe kimoja na nusu cha maji meusi. Sasa maji hayo yametoka wapi?

Piga hesabu. Maganda, papai na mboga ni maji kwa sehemu kubwa, kama gramu 80 hadi 90 katika kila 100. Kwa hiyo ganda la gramu 200 likioza linaacha zaidi ya mililita 160 za maji. Mimi nilikuwa nimeingiza kilo moja na nusu kwa siku hizo kumi na moja, papai lililoiva sana likiwamo. Ni zaidi ya lita moja ya maji, ndani ya plastiki isiyopumua, katika mji ambao hewa yenyewe tayari ina unyevu. Hayana pa kwenda. Yanajaza nafasi kati ya vipande vya katoni, hewa inatoka, na wadudu wadogo wasiohitaji hewa ndio wanaoanza kuozesha. Ile harufu ni yao.

Kwa hiyo kanuni ni hii: kila konzi moja ya chakula, weka konzi moja ya katoni kavu iliyoraruliwa, chini yake na juu yake. Katoni ndiyo inayokunywa maji ya ganda. Mimi huweka sashe la katoni kavu limening'inia msumarini juu ya bidoni, ili nisiwe na kisingizio. Tangu nianze hivyo, sinia langu la chini ni kavu karibu muda wote. Na wakati wa kiangazi, kuanzia Juni, ukiona konzi haitoi hata tone, punguza katoni kavu na unyunyize maji kwa kiganja. Usimwage kwa kikombe. (Shemeji yangu wa Lubumbashi analia kinyume changu: mwezi wa Oktoba kule jua linakausha mpaka minyoo inajikunja. Yeye huweka gunia lililolowa juu na bidoni mahali penye kivuli kizito. Ukiwa Lubumbashi, msikilize yeye kwa miezi hiyo.)

8. Mahali. Chini ya meza, mbali na mbabula. Si kwenye balkoni inayopigwa na mvua, na si chini ya bati linalopata jua la mchana. Minyoo hii inafanya kazi vizuri kati ya nyuzi 15 na 25, na ikipita 30 inaanza kuteseka. Ndani ya nyumba za Bukavu hali hiyo tunayo bure.

Usiweke majivu

Hili nalipa nafasi yake kwa sababu ni kosa letu wenyewe. Choo cha shimo kikinuka, tunamwaga majivu, harufu inapungua. Basi bidoni iliponuka, mkono wangu ulienda wenyewe kwenye majivu ya mbabula. Nikamwaga konzi mbili. Asubuhi niliikuta minyoo ya juu imekauka kama uzi, na iliyobaki imejifunga fundo kwenye kona moja. Majivu ni makali kama magadi, na ngozi ya mnyoo ndiyo pua yake: inapumua kwa ngozi iliyolowa. Ukitaka kupunguza uchachu ndani, kausha maganda ya mayai, yatwange yawe unga, nyunyiza kijiko kimoja kila wiki mbili. Hayo yanafanya kazi polepole na hayaunguzi.

Pakiharibika

Anza na pua. Bidoni nzuri inanuka kama udongo baada ya mvua, na lazima uinamishe kichwa ndipo usikie.

*Harufu ya mayai yaliyooza.* Maji mengi, hewa hakuna. Nilivyookoa bidoni yangu ni hivi: nilitoa chakula chote kilichokuwa kinateleza, nikainamisha bidoni maji yatoke, nikachokonoa matundu ya chini kwa msumari. Kisha nikachanganya katoni kavu nyingi, karibu sawa na tandiko lililokuwamo, nikizungusha kwa vidole taratibu kutoka chini kuja juu. Nikaacha mlango wazi siku nne, juu nimefunga chandarua tu, na sikulisha kwa wiki mbili. Siku ya tatu harufu ilikuwa imeisha. Minyoo iliyobaki, labda theluthi, ilirudi chini siku ya tano.

*Harufu kali ya uchachu, kama pombe ya ndizi.* Umeweka wanga au matunda mengi. Mara nyingi utaona pia vijidudu vyeupe vyembamba kama nyuzi, maelfu. Hivyo si watoto wa minyoo yako na havina madhara, vinakwambia tu kwamba pamechacha na pamelowa. Toa chakula, ongeza katoni na unga wa maganda ya mayai. Watoto wa kweli wana wekundu kidogo, unaona damu ndani yao. Mayai ni vijipunje vya rangi ya njano, umbo la limau, ukubwa wa punje ndogo ya mtama. Ukiviona hivyo, mambo yako ni mazuri.

*Harufu ya mkojo inayochoma pua.* Samadi mbichi au majani mabichi mengi mno kwa mara moja. Punguza, changanya katoni, acha wazi usiku mmoja chini ya chandarua.

*Minyoo ina uvimbe uvimbe, kama shanga kwenye uzi.* Imelishwa vyakula vizito: bugali, maharage, pumba. Hiyo iliyovimba haiponi. Toa chakula hicho chote na uokoe iliyobaki kwa kuihamishia kwenye tandiko jipya.

*Vinzi vidogo vya ndizi.* Mayai yao huja na ganda kutoka sokoni. Mimina maji yanayochemka juu ya maganda, yaache yapoe kabisa, yamwage maji, ndipo ulishe. Na fukia vizuri. Chakula kilichoachwa juu ndicho kinachowaita, pamoja na panya.

*Siafu au sisimizi ndani.* Pamekauka. Nyunyiza maji, na vile vipande vya ubao visimamishe ndani ya mikebe yenye maji.

*Maji meusi kwenye sinia.* Watu huyauza kama dawa ya mimea. Mimi simwagii mboga inayoliwa mbichi, kwa sababu ni maji ya kuoza tu, hayajapita tumboni mwa mnyoo. Yachanganye na maji safi mara kumi, mwagia maua. Bora zaidi ujiulize kwa nini yametoka.

Kuvuna

Baada ya miezi minne hivi katoni haionekani tena, ndani kuna kitu cheusi kama makapi ya kahawa yaliyolowa. Sukuma vyote upande mmoja wa bidoni, upande wa pili weka tandiko jipya, na kuanzia hapo lisha upande mpya tu. Wiki tatu baadaye minyoo mingi imeshahama, na unachota mbolea kwa mkono. Mimi huchanganya sehemu moja ya mbolea na nne za udongo kwenye gunia la lengalenga pale balkoni.

Swali la mwisho ambalo huja kila Desemba: nikisafiri je? Wiki tatu si kitu. Lisha mara moja kawaida, ongeza katoni konzi mbili, funga mlango. Usimwachie mtu kazi ya kulisha. Mwaka jana yaya wangu alibaki na ufunguo, akaionea minyoo huruma, akaipa bugali na maharage jioni mbili mfululizo.